Mama Hakitoshi na Sentensi Iliyorukwa

Mama mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaani kwetu wanamwita Mama Hakitoshi. Jina hilo kalipata kazini. Mteja akija na kitambaa chake kimekunjwa vizuri, anataka gauni refu lenye mikono mipana na mkia nyuma, Mama Mdogo anakitandaza mezani, anakipima kwa macho, halafu anasema, "Hakitoshi." Hatabasamu wala haombi radhi. Mteja akibembeleza kwamba fundi wa ng'ambo ya barabara amekubali, anajibu, "Basi mpelekee. Akishakikata, usiniletee vipande."

Watu wanamnunia kisha wanarudi, maana nguo yake ikikukaa imekukaa. Mimi naishi kwake tangu nilipoanza sekondari, kwa sababu mama yangu mzazi anafanya kazi mbali na shule iko hapa karibu. Nilidhani namjua mama mdogo wangu. Nilidhani ukweli kwake ni kama sindano kwenye kile kimto anachovaa mkononi: akiutaka anauchomoa tu.

Yeye ni kitinda mimba wa Bibi. Wa kwanza ni Mjomba Mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye ile sauti ya kusimamisha gwaride la asubuhi. Kati yao yuko mama yangu, na yuko Mjomba Friji. Friji si jina lake, ni kazi yake. Alikuwa anatengeneza majokofu, na mfukoni mwake hamkukosa bisibisi. Alikuwa ameachana na mkewe zamani, hakujaliwa mtoto, na kila Jumapili alikuja kwetu kula na kulalamika kwamba jokofu letu linanung'unika. "Hili linaongea kuliko dada yangu," alikuwa anasema, na Mama Mdogo anamrushia kipande cha kitambaa.

Ndiyo maana alipoanza kukohoa ni Mama Mdogo aliyemwona, na alipozidiwa ni Mama Mdogo aliyempeleka hospitali. Nimonia ilikuwa imeshika mapafu yote mawili. Jioni ileile wakamlaza usingizi wa dawa, wakampitishia mpira mdomoni hadi kwenye njia ya hewa, wakaufunga kwenye mashine ya kupumulia. Nesi akauliza, "Nani atakuwa msemaji wa familia? Tunataka mtu mmoja wa kumpa taarifa." Mama Mdogo akaandika namba yake ya simu. Hakujua anajiandikia nini.

Wiki ya kwanza Mjomba alikuwa analala kama jiwe. Wiki ya pili vilevile. Baadaye daktari akaeleza kwamba mpira wa mdomoni haufai kukaa muda mrefu hivyo, wakamtoboa tundu dogo shingoni, chini ya koo, wakahamishia mashine pale. Wakampunguzia dawa za usingizi, na Mjomba Friji akafungua macho.

Jumamosi nilipokwenda na Mama Mdogo mara ya kwanza nilitegemea chumba cha kutisha. Kilichonishangaza ni usafi wake na kelele zake. Kila kitanda kina mlio. Unanawa mikono, unavaa aproni ya plastiki, mnaingia wawili tu. Mjomba alikuwa amekonda hadi masikio yakaonekana makubwa. Aliponiona akanyanyua nyusi zote mbili, ile salamu yake ya siku zote. Nikataka kulia, nikauliza swali badala yake. Mimi nikibanwa nauliza maswali.

"Sista, mbona anachezesha midomo lakini hatoi sauti?"

Sista ni muuguzi mkuu wa zamu, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakunifukuza. "Sauti inatoka hewa ikipita kooni, mwanangu. Hewa yake sasa inaingilia na kutokea hapa chini, kwenye tundu. Kwa hiyo tunamsoma midomo."

"Na mashine inamponya?"

"Mashine haiponyi mtu. Inamshikia tu kazi ya kupumua, mwili upate nafasi. Asubuhi tunapunguza msaada wake, tunamwachia avute mwenyewe. Leo amevuta kidogo, kisha akaanza kuhema mbiombio kama aliyepanda ngazi. Tukamrudishia."

Mjomba alikuwa anamtazama Mama Mdogo na kurudia neno moja kwa midomo. Mama Mdogo akainama, akamwangalia kwa makini kama anayetunga uzi.

"Maji? Unataka maji?"

Akatikisa kichwa. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana tena.

"Mama," akasema Mama Mdogo. "Unamtaka mama?"

Mjomba akafumba macho na kuyafumbua, polepole. Ndiyo.

Sasa hapo ndipo penye mwiba. Bibi anaishi kwa Mjomba Mkubwa, upande wa pili wa mji. Ana presha na miguu inamvimba, na tangu mwanzo Mjomba Mkubwa alikataa Bibi apelekwe hospitali. "Mnataka wawili walazwe?" alikuwa anauliza. Bibi aliambiwa mwanawe ana homa ya mapafu, anatumia mashine ya kumsaidia kidogo, atarudi. Mjomba Mkubwa mwenyewe alifika hospitali mara moja tu, akabaki kwenye maegesho, akasema anatafuta kivuli cha gari.

Isitoshe, kila mtu alikuwa na habari yake. Mama yangu kwenye simu alikuwa amesikia kwamba mapafu yamepona. Binamu mmoja alitangaza kwenye kundi la familia kwamba madaktari wanamweka kwenye mashine makusudi ili bili ipande. Mwingine akaandika kwamba Friji amezungumza. Mama Mdogo akieleza alichoambiwa, wanamjibu, "Wewe nawe! Hata hospitali umepeleka hakitoshi yako. Usituchurie."

Kwa hiyo akamwomba daktari aandike. "Yaandike wewe, daktari, kwa jina lako. Nikisema mimi wanasema nina mdomo mbaya. Na uandike mama yangu aje. Akiyasikia kwako, kaka atamleta."

Daktari ni kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Wodi ile ilikuwa na desturi ya kuandikia familia za wagonjwa wanaokaa muda mrefu kwenye mashine. Alituita kwenye kachumba kenye viti vitatu na boksi la tishu, Sista akasimama mlangoni. Akatusomea alichoandika. Yalikuwa maneno mazuri, marefu. Kulikuwa na "tuna matumaini", kulikuwa na "changamoto", kulikuwa na "tunaendelea kumfuatilia kwa karibu".

Alipomaliza, Sista akamgeukia Mama Mdogo. "Mama, hebu niambie umesikia nini."

"Nimesikia anapona, ila polepole."

Daktari akaiweka karatasi mapajani. "Sikumaanisha hivyo."

"Ndivyo ulivyosema," Sista akamwambia, bila ukali. Nadhani ilikuwa kawaida yake, kumwuliza msikilizaji kabla barua haijatoka. "Mama akienda na hii nyumbani, watapaka nyumba rangi wamsubiri."

Daktari akakata mistari, akaandika upya palepale juu ya goti, akasoma. Sasa ikawa fupi na kavu: mapafu yameharibika, kuna uwezekano mkubwa asitoke kwenye mashine, familia ijiandae.

"Na sasa umesikia nini?"

Mama Mdogo akamkazia macho. "Nimesikia tumchimbie kaburi. Daktari, hapo umenichinja. Kwani ndivyo ilivyo? Unajua hatatoka?"

"Hapana. Sijui."

"Basi andika hujui! Mimi mteja akileta kitambaa ambacho hata mimi siwezi kusema kitatosha au la, namwambia: nitakitandaza, tutaona, lakini usialike watu kwenye sherehe bado."

Daktari akacheka, kwa mara ya kwanza, akasugua macho. Wakaitengeneza wote watatu, neno kwa neno. Nilivutiwa sana kuona watu wazima wanagombania neno "huenda". Mama Mdogo ndiye aliyekataa "kupambana", akasema kaka yake si bondia, akishindwa watasema hakujitahidi. Hii ndiyo iliyotoka kwenye printa:

"Kwa familia. Ndugu yenu bado anategemea mashine ya kupumulia. Nimonia iliyomleta imepungua, lakini imeyaacha mapafu na majeraha, na misuli anayopumulia imedhoofika kwa ugonjwa na kulala muda mrefu. Kila asubuhi tunapunguza msaada wa mashine tuone kama anaweza kupumua mwenyewe. Mpaka sasa anachoka upesi, na tunamrudishia.

Wapo wagonjwa kama yeye ambao huachana na mashine baada ya wiki nyingi au miezi, wengine wakiwa dhaifu kuliko zamani. Wapo ambao hawaachani nayo. Na wapo ambao hufariki, kwa maambukizi mapya au tatizo jingine, tukiwa bado tunajaribu. Hatujui yeye atakuwa katika kundi lipi, na hatutaki kujifanya tunajua. Wasiwasi wetu ni mkubwa kuliko ulivyokuwa wiki mbili zilizopita. Tunajaribu bado, na tunahakikisha hapati maumivu tunayoweza kuyatuliza.

Kwa sasa mchana yuko macho, anawatambua watu na anajibu kwa macho na kichwa. Hatuwezi kuahidi kwamba itabaki hivi. Amekuwa akimwulizia mama yake. Tungeomba mama aje sasa, asisubiri mgonjwa apate nafuu. Tutaandaa kiti na tutakuwa karibu naye. Tutawaandikia tena wiki ijayo, au mapema hali ikibadilika."

"Umesikia nini?" Sista akauliza.

Mama Mdogo akaigusa karatasi. "Nimesikia hamjui, na mnaogopa. Na nimesikia mama aje."

"Basi hiyo ndiyo barua," akasema daktari, akatia saini.

Kesho yake tulikuwa sebuleni kwa Mjomba Mkubwa. Kwetu habari kubwa haisomwi kimoyomoyo. Anasoma mkubwa, kwa sauti, wengine wote wanasikiliza hadi mwisho, na hakuna anayemkatiza. Ilikuwa hivyo tangu enzi za Babu, matokeo ya mtihani, barua za posa, kila kitu. Mama Mdogo akampa kaka yake bahasha kwa mikono miwili. Bibi alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli, kitenge mabegani.

Mjomba Mkubwa akaipitia kwanza kwa macho. Halafu akavaa sauti yake ya gwaride.

Alisoma vizuri. Mashine, nimonia imepungua, kila asubuhi wanajaribu. "Wapo wagonjwa kama yeye ambao huachana na mashine baada ya wiki nyingi au miezi," akasoma, akapumua, na macho yake yakashuka chini, nikayaona yanashuka, yakaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. "Kwa sasa mchana yuko macho, anawatambua watu na anajibu kwa macho na kichwa. Tutawaandikia tena wiki ijayo." Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Mungu mkubwa," akasema Bibi. "Yuko macho!"

"Yuko macho, mama."

"Basi nipelekeni nikamwone."

"Akipata nguvu kidogo. Sasa hivi anatakiwa apumzike. Akikuona ataanza kulia, na kulia kunamchosha pumzi. Madaktari wanajua kazi yao."

Nikamtazama Mama Mdogo. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake na kuikunja, anaikunja, kama anayepima pindo. Nilisubiri lile neno lake. Nililisubiri kweli. Mtu aliyemwambia bibi harusi mbele ya mama mkwe kwamba kitambaa hakitoshi!

Bibi naye akamgeukia. Bibi si mjinga. "Na wewe unayemwona kila siku," akasema, "hebu niambie. Niende, nisiende?"

Mjomba Mkubwa hakumtazama dada yake, alitazama zulia.

"Kama alivyosema kaka," akajibu Mama Mdogo.

Njiani kurudi nilimwuliza, "Mama Mdogo, kwa nini?"

"Ulitaka nimwumbue kaka yangu mbele ya mama? Nyumbani kwake? Nitazungumza naye pembeni. Nitampigia kesho."

Alimpigia kweli. Nilimsikia jikoni. "Kaka, ile sehemu ya mwisho... Najua presha, kaka. Najua... Lakini wamesema wataandaa kiti... Sawa. Sawa, wiki ijayo. Sawa, kaka." Kwa wateja ana neno moja, kwa kaka yake nilihesabu "sawa" nikachoka.

Siku zile alikwenda hospitali asubuhi na jioni. Mjomba Friji aliendelea kuuliza kwa midomo, na Mama Mdogo aliendelea kumjibu, "Anakuja, anakuja. Miguu tu inamsumbua." Akamletea picha ya Bibi, Sista akaibandika kwa plasta kwenye nguzo ya kuning'inizia dripu, pale macho yanapofika. Siku moja Mjomba alimwangalia, kisha akaiangalia picha, kisha akamwangalia tena. Mama Mdogo aliniambia hakuna aliyewahi kumtukana vile.

Nusu ya wiki haikwisha. Simu ililia akiwa anakata suruali ya sare ya shule, na nikajua kabla hajapokea, kwa jinsi alivyoweka mkasi. Daktari alisema hali imebadilika. Usiku Mjomba alipata homa kali, maambukizi mapya kwenye mapafu, yakaingia kwenye damu. Presha yake inashuka, wameanza dawa ya kuipandisha. Mashine inasukuma kwa nguvu zaidi na wamemrudisha kwenye usingizi wa dawa ili aivumilie.

"Ataamka?" Mama Mdogo akauliza.

Nilisikia sauti ya daktari ndani ya simu, ndogo kama ya redio ya jirani. Alisema anatamani angekuwa na jibu. Alisema sasa ana hofu kubwa kwamba hataamka. Alisema waje leo.

Mchana huo gari la Mjomba Mkubwa lilipata njia. Bibi aliingizwa na Mama Mdogo kwa kiti cha magurudumu, akavalishwa aproni ya plastiki juu ya kitenge, akanawishwa mikono na Sista kama mtoto. Mjomba Mkubwa alibaki nje ya mlango, safari hii hakutafuta kivuli. Mimi nilisimama naye, nikiona kupitia kioo na kusikia kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Bibi alishika mkono wa mwanawe kwa mikono yake yote miwili, akamwita jina lake, lile la utotoni ambalo hatulitumii. Kifua kilipanda na kushuka, vilevile, sawasawa, kama kitu kilichopigiwa rula. Nyusi hazikunyanyuka.

Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akaiona picha yake kwenye nguzo.

"Nani kaniweka hapa?"

"Tuliiweka kwa ajili yake, bibi," akasema Sista. "Alikuwa anaiangalia."

"Alikuwa ananijua?"

"Ndiyo, bibi."

"Juzi ningekuja, angenijua?"

Sista akamtazama Mama Mdogo, kisha akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Bibi. Angeweza kusema ni vigumu kujua. "Juzi alikuwa macho. Alikuwa anakuulizia. Leo siwezi kukuambia kama anakusikia, lakini mwambie ulichotaka kumwambia. Wengine husikia."

Bibi hakulia. Akasogeza kichwa karibu na sikio kubwa la mwanawe, akaongea, na hatukusikia aliyoyasema.

Mjomba Friji alifariki keshokutwa yake alfajiri. Barua ya pili haikuandikwa.

Msibani sebule ileile ilijaa. Viti vya kukodi, vikombe vya chai, majirani. Fundi mwenzake mmoja alileta begi lake la vifaa, likawekwa kwenye kona na hakuna aliyejua la kulifanyia. Watu wakauliza yale wanayouliza watu: ilikuwaje, mbona ghafla, si mlisema anaendelea vizuri? Na Mjomba Mkubwa, macho yamevimba, akajibu kwa ile sauti inayofika nyuma ya mstari:

"Hospitali hawakutuambia. Tungejua, mama angekwenda mapema. Hawasemi hawa. Wanakuficha hadi mwisho."

Watu wakaguna, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema madaktari wa siku hizi. Mama Mdogo alikuwa anapita na sinia la vikombe. Akaliweka chini. Vikombe viligongana.

"Walituambia, kaka."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimkatiza kaka yake.

"Walituandikia. Nilikuwepo ikiandikwa. Wewe uliisoma ukairuka, na mimi nikakaa pale nikakuona unairuka. Walisema mama aje. Walisema wataandaa kiti."

Mjomba Mkubwa akafungua mdomo, mkono ukamwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati. Shati lilikuwa jingine. Akaonekana mzee ghafla, mzee kuliko Bibi.

Nikafikiri: hatimaye. Nikafikiri sasa Bibi atamgeukia mwanawe wa kwanza, atamwambia anachostahili. Bibi alikuwa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alikuwa anamtazama Mama Mdogo.

"Sasa hayo unamwambia yeye," akasema, "au unaniambia mimi?"

"Nakuambia wewe, mama."

"Mimi nilikuuliza." Hakupandisha sauti. "Yeye sikumwuliza. Yeye namjua tangu mdogo, anaogopa. Nilikuuliza wewe."

Mama Mdogo akainama, akaliokota sinia, akaendelea kugawa chai. Watu walipokea vikombe bila kumtazama usoni.

Cherehani imerudi kulia sasa. Juzi mteja alileta kitambaa cha maua, anataka gauni la mkia. Mama Mdogo alikitandaza, akakipima kwa macho, na mimi nikainua kichwa kutoka kwenye hesabu zangu.

"Kiache," akasema. "Nitaona."

Mteja alifurahi, akaondoka. Kitambaa bado kiko mezani, hajakikata. Hata mimi naona hakitoshi.